Re: Picha za kupima kasi ya intaneti

> "Nina picha 40 hivi za kupima kasi, nalipia Mbps 20. Nitajuaje ni saa zipi inashuka?"

Habari ndugu. Kwanza angalia saa iliyo juu ya skrini ndani ya picha yenyewe. Usitegemee tarehe ya faili, maana picha ikipita WhatsApp, faili hupata tarehe mpya. Kisha tenga picha zilizopimwa kwa seva ya Kampala na zile za seva ya ng'ambo, ukizichanganya utadanganyika.

Mimi hapa Ntinda nilipima mara sita kwa siku, siku saba. Niliandika saa kwenye safu A (20 ndiyo saa mbili usiku) na kasi ya kupakua kwenye B. Saa mbili usiku nilipata 6, 7, 5, 9, 19, 6, 8. Wastani ni karibu 8.6, lakini hiyo 19 ya siku moja imeuvuta juu. Zipange kutoka ndogo, chukua ya katikati: 7. Hiyo ndiyo kasi yako halisi ya saa hiyo. Kuhesabu mara ilizoshuka chini ya 16, yaani asilimia 80 ya unacholipia:

```
=COUNTIFS(A:A,20,B:B,"<16")
```

Mimi nilipata 6 kati ya 7. Saa tano usiku, hata moja haikushuka.

Kabla ya kumlaumu mtoa huduma, rudia saa hiyohiyo kwa waya kutoka kwenye ruta, vifaa vingine vikiwa vimezimwa. Ikipanda hadi 19, tatizo ni waifai au matumizi ya nyumbani. Yangu ilibaki 7, basi msongamano ulikuwa kwao.