Holt-Winters au ARIMA kwa mauzo ya miezi 36?

"Wakuu, nina mauzo ya kila mwezi ya miaka mitatu tu. Kila mtu ananiambia ARIMA ndiyo ya kitaalamu, lakini Holt-Winters inanipa makadirio mazuri zaidi. Nakosea wapi?"

Mkuu, hujakosea. Mimi nilipita hapohapo nikikadiria mzigo wa duka la jumla Tanga, saruji na unga wa ngano, kwa data ya 2021 hadi 2023.

Anza na hesabu ya data. Miezi 36 ikiwa na msimu wa 12, ARIMA kwa kawaida huchukua mauzo ya kila mwezi na kuyapunguza mauzo ya mwezi kama huo wa mwaka uliotangulia, zinabaki 24. Ikipunguza tena mwezi uliotangulia, zinabaki 23. Kwa hizo 23 unataka ikuchagulie muundo, yaani iamue itumie miezi mingapi na makosa mangapi ya nyuma. Kwangu, kila nilipoongeza mwezi mmoja, uchaguzi wa kiotomatiki ulileta muundo mwingine, na makadirio ya miezi ya mbele yakaruka. Ukiona hivyo, jua data haitoshi kwa kazi unayoipa.

Holt-Winters haichagui muundo. Inabeba vitu vitatu, yaani kiwango, mwelekeo na msimu, na kila mwezi inavisogeza kidogo. Tuseme kiwango cha saruji ni mifuko 1,000, mwelekeo ni 20 kwa mwezi, na mwezi ujao, wa kiangazi, una kizidisho cha 1.3. Makadirio ni 1,020 × 1.3, yaani 1,326. Ikauzwa 1,400. Unaondoa msimu kwanza: 1,400 ÷ 1.3 ni kama 1,077. Alfa, yaani uzito wa mwezi mpya kwenye kiwango, ikiwa 0.3, kiwango kipya ni 0.3 × 1,077 + 0.7 × 1,020, kama 1,037. Kiwango kimepanda 37, na beta, yaani uzito kama huo kwenye mwelekeo, ikiwa 0.1, mwelekeo unatoka 20 kwenda 21.7 tu. Mwezi mmoja mzuri hauivurugi, na mwenye duka anaweza kuifuata hesabu hiyo kwa kikokotoo.

Msimu wa kuzidisha nao unasaidia, maana masika ikikata mauzo huyakata kwa sehemu, si kwa idadi ileile ya mifuko kila mwaka. Ila hapo ARIMA isionewe: ukichukua logi ya data kwanza, nayo inaweza. Tena Holt-Winters ya kujumlisha ni aina mojawapo ya ARIMA iliyofungwa masharti. Kwa data chache, kufungwa huko ndiko kunakoisaidia.

Kosa lililonigharimu lilikuwa la mwelekeo. Kulikuwa na ujenzi mkubwa jirani, saruji ikapanda miezi mitano mfululizo, na modeli ikaendeleza mstari ule kama vile ujenzi hauishi. Tukabaki na mzigo stoo. Tangu hapo nauwekea mwelekeo breki, upungue kadiri unavyokwenda mbele. Hapa `y` ni mauzo ya kila mwezi:

```python
from statsmodels.tsa.holtwinters import ExponentialSmoothing

m = ExponentialSmoothing(y, trend="add", damped_trend=True,
        seasonal="mul", seasonal_periods=12).fit()
print(m.forecast(3))
```

Mwezi wenye sifuri ukiwemo, `"mul"` haifai, tumia `"add"`.

Kwenye unga hali ilikuwa nyingine kabisa. Unga hupanda Ramadhani, na Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2022 karibu yote ilikuwa Aprili, na 2023 sehemu kubwa pia. Holt-Winters ikajifunza kwamba Aprili ndiyo mwezi wa unga. Ikaja 2024, siku kama 20 za mfungo zikaangukia Machi. Machi tukaishiwa, Aprili tukajaa. ARIMA ya msimu peke yake ingekosea vilevile, lakini yenyewe ina nafasi ya kuongeza safu ya nje. Niliiwekea idadi ya siku za Ramadhani katika kila mwezi, kupitia `exog` ya `SARIMAX`, ambayo ni ARIMA ya msimu ya statsmodels, na hapo ikashinda waziwazi.

Usizishindanishe kwa AIC, ile alama ya kupima modeli inavyoikaa data, kwa sababu ARIMA huipima data iliyokwisha kupunguzwa kwa miezi ya nyuma, ilhali Holt-Winters huipima data ghafi, kwa hiyo namba hizo mbili hazilingani. Funza kwa miezi 24, kadiria 3, linganisha na kilichouzwa, kisha sogeza mwezi mmoja na urudie mpaka mwisho. Utapata majaribio 10. Weka pia mshindani wa tatu, yaani "mauzo ya mwezi huuhuu mwaka jana". Kama Holt-Winters haimshindi huyo, tatizo haliko kwenye modeli.

Halafu chora masalia ya Holt-Winters, yaani makosa yake ya kila mwezi. Kosa la mwezi huu likifuatwa mara kwa mara na kosa la upande uleule mwezi ujao, kuna kitu Holt-Winters inakiacha, na hapo ijaribu ARIMA. Saruji yangu haikuonyesha hivyo, ndiyo maana mpaka leo naikadiria kwa Holt-Winters.