Kuipata h2 halisi: ufanisi huzidishwa na tofauti ya enthalpi, si na enthalpi

"Wakuu, naomba msaada. Mvuke unaingia kwenye turbini ukiwa 4 MPa na 400°C, unatoka kwenye 10 kPa. Ufanisi wa isentropiki ni 85%. Nimepata h2s = 2144.6 kJ/kg, nikazidisha kwa 0.85 nikapata 1823. Majibu ya nyuma ya kitabu yanasema 2305. Nimekosea wapi? Na kwenye kompresa inakuwaje?"

Mkuu, h2s yako ni sahihi. Umeteleza hatua ya mwisho tu, na ni utelezi ambao hata mimi niliwahi kuufanya.

Hebu ijaribu hiyo 1823 kabla ya kufungua majibu. Mvuke umeingia na 3214.5. Ukitoka na 1823, kila kilo imeipa shafti kilojuli 1391. Lakini turbini kamilifu, isiyopoteza chochote, ingetoa 3214.5 − 2144.6, yaani 1069.9. Turbini yako mbovu imeishinda iliyo kamilifu! Ukipenda, tafuta pia entropi ya hiyo 1823 kwenye 10 kPa: inakuja 5.76, ilhali mvuke uliingia na 6.7714. Entropi imeshuka ndani ya mashine isiyotoa joto nje, jambo lisilowezekana. Kwenye turbini h2 halisi lazima iwe juu ya h2s. Ikiwa chini yake, rudi nyuma.

Sababu ni kwamba namba ya enthalpi ikiwa peke yake haina maana ya kuzidishwa. Jedwali la mvuke limeanza kuhesabu sifuri karibu na maji ya 0.01°C kwa makubaliano tu. Wangeamua kuanzia kwingine, 2144.6 yako ingekuwa namba nyingine kabisa, na 0.85 yake pia. Kisichobadilika ni tofauti kati ya kuingia na kutoka, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyofanyika. Ufanisi unalinganisha kazi mbili: ile halisi na ile ambayo ingepatikana kama entropi isingeongezeka, zote zikiishia kwenye presha ileile ya kutokea. Zingatia hapo: presha ileile, si joto lilelile.

Kwa hiyo hesabu inakwenda hivi:

```
s1  = 6.7714
x2s = (6.7714 - 0.6492) / 7.4996 = 0.8163
h2s = 191.81 + 0.8163 * 2392.1   = 2144.6
w   = 0.85 * (3214.5 - 2144.6)   = 909.4
h2  = 3214.5 - 909.4             = 2305.1
```

Ukishaipata h2, rudi nayo jedwalini kutafuta ukavu wa mvuke: (2305.1 − 191.81) / 2392.1, ambayo ni 0.883. Angalia kichekesho chake. Mvuke halisi umetoka mkavu kuliko ule wa turbini kamilifu, uliokuwa 0.816. Nishati iliyoshindwa kwenda kwenye shafti haikupotea hewani. Msuguano umeirudisha ndani ya mvuke na kukausha sehemu ya matone. Mapanga ya mwisho ya turbini yanapata nafuu, maana matone ndiyo huyatafuna, ila umeilipia nafuu hiyo kwa kazi. Usichukue 0.85 ukaizidisha na ukavu, hilo nalo nimeliona kwenye daftari za watu.

Sasa nikupe kisa, maana darasani unapewa ufanisi utafute h2, kazini unaambiwa kinyume chake. Nikiwa bado mgeni kwenye mtambo mmoja, tulitakiwa kujua turbini imechoka kiasi gani. Hali zake zilikaribiana sana na za swali lako, kwa hiyo nitatumia namba zako. Nilisoma geji ya kutokea: 10 kPa. Kipimajoto: kama 46°C. Nikaona nina presha na joto, basi hali ya mvuke imejulikana. Nikafungua jedwali, nikachukua enthalpi ya mvuke mkavu kwenye presha hiyo, 2583.9, nikapata ufanisi wa 59%. Nikakimbia ofisini na habari kwamba mashine imekufa.

Mzee wa zamu hakubisha. Aliniuliza tu: huo mvuke ungekuwa nusu yake maji, kipimajoto kingesoma ngapi? Nikanyamaza, kwa sababu kingesoma 46 hiyohiyo. Mvuke wenye maji ndani yake, kwenye 10 kPa, una joto la 45.8°C uwe mkavu kwa 0.99 au kwa 0.5. Presha na joto hapo vinasema jambo moja mara mbili, na h2 inabaki gizani. Ukiona joto la kutokea limelingana na joto la kuchemkia kwa presha hiyo, ujue kipimajoto hakiwezi kukusaidia.

Tulichofanya ni kuzunguka kwa upande wa umeme. Mvuke ulikuwa kilo 10 kwa sekunde, jenereta inatoa 8.8 MW, na ufanisi wa jenereta ni 0.97. Shafti basi inapata kama 9.07 MW, yaani 907 kJ kwa kila kilo. Toa kwenye 3214.5, h2 ni karibu 2307, na ufanisi unarudi kwenye 85%. Njia hiyo inahesabu msuguano wa beringi kama kosa la mvuke, kwa hiyo inauonea ufanisi kidogo. Na kama kuna mvuke unaochotwa katikati ya turbini kwenda kupasha maji ya boila, kilo hizo ufuatilie kivyake, la sivyo namba zitakudanganya.

Kompresa ni hadithi hiyohiyo iliyogeuzwa. Hapa unatoa kazi wewe, na mashine mbovu inakula zaidi ya kamilifu, hivyo unagawanya:

```
h2 = h1 + (h2s - h1) / eta
```

Chukua hewa ya 100 kPa na 300 K ikisukumwa hadi 800 kPa, ufanisi 80%. Ukiichukulia cp kuwa 1.005 isiyobadilika na k kuwa 1.4, T2s ni 543 K. Ongezeko ni 243. Gawa kwa 0.8 upate 304, hewa inatoka na 604 K. Ungezidisha badala ya kugawa ungepata 495 K, baridi kuliko kompresa kamilifu, na hapo ungejua umegeuza. Ukitumia jedwali la hewa, linaloruhusu cp kupanda na joto, jibu linakuwa kama 598 K. Kwa hewa ya namna hii tofauti hiyo ni ndogo. Kwa presha kubwa zaidi usiipuuze.

Yote haya yanadai mashine isitoe joto pembeni. Kompresa ya skrubu inayomwagiwa oili ndani hutoa hewa yenye joto la chini sana kuliko T2s, kwa sababu oili imebeba joto. Ukiingiza joto hilo kwenye fomula utapata ufanisi unaozidi 100%. Kwa mashine ya aina hiyo pima umeme inaokula, kisha ulinganishe na kazi ya kusukuma hewa bila joto lake kubadilika.