Betri ya sodiamu kwa sola ya nyumbani

"Wakuu, nasikia betri za sodiamu ni rahisi na hazijali baridi. Nizisubiri kwa sola ya nyumbani hapa Njombe au ninunue lithiamu?"

Ndugu, nunua lithiamu, ile iliyoandikwa LiFePO4. Baridi inayoidhuru ni ya chini ya nyuzi 0, na ukiichaji ikiwa hapo inaharibika. Ndani ya nyumba yako haifiki huko. Sodiamu inazifaa hasa nchi za theluji, kama kaskazini mwa China.

Urahisi wake unatokana na malighafi: sodiamu imejaa kwenye chumvi, na karatasi za shaba ndani ya seli hubadilishwa na alumini. Lakini bei ya lithiamu ilishuka sana baada ya 2022, kwa hiyo nafuu hiyo sokoni bado ni ndogo. Tena kwa umeme uleule, sodiamu kwa kawaida ni kubwa na nzito zaidi. Nyumbani uzito si kitu. Kwenye gari la safari ndefu ni tatizo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni inveta. Seli nyingi za sodiamu hushuka kutoka volti 4 hadi 1.5. Unganisha 16: betri imejaa volti 64, imeisha volti 24. Inveta ya volti 48 inayozima ikifika 42 itaikatia kila seli kwenye 2.6, na chaji iliyobaki chini hapo huipati. LiFePO4 hukaa karibu na 3.2 muda mrefu, inveta yako imeizoea.