Daftari la presha libaki lilivyo: kupata wastani wa wiki bila kugusa vipimo

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa kalamu. Baba alikuwa akipima presha nyumbani asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari la mistari, nami nikajitolea kumtolea wastani wa kila wiki ili aende nao kliniki. Nilipofika kwenye namba ambayo haikusomeka vizuri, 136 au 736, nikaikoleza palepale ionekane 136. Nikaendelea hivyo kurasa tatu. Baadaye tulipotaka kuhakikisha namba moja iliyotutia shaka, hatukuweza tena kujua wino upi ni wa baba na upi ni wangu. Kipimo cha siku ile kilikuwa kimepotea, kwa sababu presha ya jana huwezi kuipima leo.

Kwa hiyo wewe unayeanza kazi hii, kwa mzazi, kwa mwenzi wako au kwa ajili yako mwenyewe, usiandike chochote kwenye daftari. Hata kwa penseli. Piga picha kila ukurasa ukiwa bapa, penye mwanga wa kutosha, na uziweke picha hizo mahali pake. Kisha upe kila ukurasa namba, ila namba hiyo iwe kwenye jina la picha, si kwenye karatasi.

Baada ya hapo fungua jedwali kwenye kompyuta au simu, laha ya kwanza uiite `ghafi`. Mimi huweka safu kumi: A ukurasa, B mstari, C tarehe, D zamu (asubuhi au jioni), E kipimo cha ngapi katika zamu hiyo, F namba kama ilivyoandikwa, G presha ya juu, H presha ya chini, I mapigo ya moyo, J maelezo. Kila kipimo kina mstari wake. Ukurasa na mstari ndivyo vitakavyokurudisha kwenye daftari ndani ya nusu dakika mtu akikuuliza namba fulani imetoka wapi.

Safu ya F ndiyo inayobeba uaminifu wa kazi yote. Ipange iwe ya maandishi kabla hujaanza kuchapa, kisha nakili kilichoandikwa bila kukirekebisha. Kama daftari lina 138/86, andika 138/86. Kama tarakimu ya katikati haisomeki, andika `1?8/84`, acha G wazi, na kwenye J eleza kwamba haisomeki. Kilichokatwa kwa mstari nacho kinakiliwe, na J iseme kimekatwa. Tafsiri yako yote iishie kwenye G, H na I. Ukigundua kwamba mwandishi alibadilishana presha ya chini na mapigo ya moyo, jambo linalotokea mno kwa sababu mashine huonyesha namba tatu zikifuatana, unazipanga upya kwenye G, H na I na kuandika sababu kwenye J. F inabaki na kosa lake.

Usijaze sifuri mahali pasipo na kipimo. Kisanduku kitupu hakiingii kwenye wastani, lakini sifuri huingia na kuuvuta chini, na wastani wa 125 uliozaliwa na sifuri moja unapendeza machoni kiasi kwamba hakuna atakayeushuku.

Tarehe nazo ziangalie. 3/4 kwa programu moja ni tarehe 3 mwezi wa nne, kwa nyingine ni tarehe 4 mwezi wa tatu. Mimi huchapa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku.

Ukimaliza ukurasa, hakiki kabla ya kwenda unaofuata. Njia bora ni watu wawili, mmoja akisoma daftari kwa sauti, mwingine akifuata kwenye kioo. Ukiwa peke yako, jumlisha presha za juu za ukurasa kwa kikokotoo moja kwa moja kutoka daftarini, kisha linganisha na jumla ya safu G kwa ukurasa huohuo. Jumla zikitofautiana, angalia tofauti yenyewe. Ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku kwanza kwamba umegeuza tarakimu mahali fulani. Ukichapa 183 badala ya 138, tofauti ni 45. Watunza vitabu vya hesabu wanaujua ujanja huu tangu zamani, nami umeniokolea jioni nyingi.

Sasa wastani wenyewe. Hapa ndipo watu wengi huharibu bila kujua, na wiki moja ya baba itaonyesha vizuri kuliko maelezo marefu. Utaratibu aliopewa ulikuwa vipimo viwili kila zamu, vikipishana dakika moja, baada ya kukaa ametulia dakika tano, mgongo umeegemea na mkono uko usawa wa moyo. Wiki ile alipima asubuhi zote 7 na jioni 5. Siku nyingi zilifanana: Jumatatu asubuhi 138/84 na 134/82, jioni 132/80 na 130/80. Lakini Alhamisi jioni mashine ilionyesha 168/98. Akashtuka. Akarudia: 164/96, 171/97, 159/94, 156/92, 154/92. Vipimo sita kwa zamu moja, vyote ameviandika kwa uaminifu.

Nilipochukua vipimo vyote 28 vya wiki na kugawanya, nilipata 140/85. Tatizo ni kwamba Alhamisi jioni peke yake ilikuwa na sauti ya zamu tatu. Hakuna mtu anayepima mara sita anapoona 132/80. Tunarudia namba inapotutisha, na kwa hiyo daftari lolote la nyumbani huwa na vipimo vingi zaidi kwenye saa mbaya kuliko kwenye saa nzuri. Ukigawanya yote kwa pamoja, unapima presha na hofu kwa mkupuo mmoja.

Njia ya mkato iliyonijia siku ile ilikuwa kufuta jioni ile nzima. Hiyo nayo ni kosa, tena kubwa zaidi, kwa sababu presha ilipanda kweli. Nilichofanya mwishowe ni kuweka kanuni moja kwa wiki zote: wastani utumie kipimo cha 1 na cha 2 cha kila zamu, basi. Vingine vinabaki kwenye `ghafi` vikionekana, ila havihesabiwi. Vikabaki vipimo 24, na wastani ukawa 137/83. Kanuni hiyo iandike juu ya laha kabla hujaona matokeo. Ukiichagua baada ya kuona matokeo, utachagua ile inayokufurahisha.

Laha ya pili iite `wiki`. Kwenye A2 weka tarehe ya Jumatatu, na kwenye B2 wastani wa presha ya juu:

```
=AVERAGEIFS(ghafi!G:G,ghafi!C:C,">="&A2,ghafi!C:C,"<"&A2+7,ghafi!E:E,"<=2")
```

Kwa presha ya chini badilisha `ghafi!G:G` iwe `ghafi!H:H`. Wiki inayofuata ni `=A2+7`. Ninatumia tarehe ya Jumatatu badala ya namba ya wiki kwa sababu namba za wiki huanza upya mwaka ukigeuka, na wiki ya mwisho ya Desemba hukatika vipande viwili.

Pembeni ya wastani weka idadi ya vipimo vilivyoingia:

```
=COUNTIFS(ghafi!C:C,">="&A2,ghafi!C:C,"<"&A2+7,ghafi!E:E,"<=2",ghafi!G:G,">0")
```

Safu hii usiiache. Ukichapa herufi O badala ya sifuri, programu haitalalamika. Itakiona kisanduku hicho kama maandishi na kukiruka kimyakimya. Idadi ikisoma 23 wakati daftari lina 24, umeshajua pa kutafuta. Na wiki yenye vipimo 3 isisimame sawa na yenye 24 kana kwamba zina uzito mmoja. Wiki isiyo na kipimo hata kimoja itatoa `#DIV/0!`; iache hivyo au ifanye iwe tupu.

Kuna mtego mwingine uliojificha kwenye zamu. Ukiiweka kando Alhamisi, jioni za baba zilikuwa na wastani wa 131, na asubuhi zake zote 7 wastani wa 136. Fikiria wiki ya kawaida isiyo na jioni kama ile, kisha wiki inayofuata angepima asubuhi tu. Wastani wa wiki ungepanda na familia ingeanza kuilaumu dawa, kumbe kilichobadilika ni saa ya kupima. Kwa hiyo toa pia wastani wa asubuhi na wa jioni kila mmoja peke yake, kwa kuongeza sharti hili ndani ya fomula, kabla ya mabano ya kufunga: `,ghafi!D:D,"asubuhi"`. Vivyo hivyo dozi ikibadilishwa Jumatano, wiki hiyo imechanganya hali mbili. Iandikie hivyo pembeni, usiisome kama wiki ya kawaida.

Kuna madaftari ambayo hesabu haiwezi kuyasaidia. Ukiona ukurasa mzima wa 140/90, 130/80, 150/90 na mashine ni ya kidijitali, mtu alikuwa anakadiria anapoandika, maana mashine haipendelei sifuri. Wastani wake utatoka tu, lakini usiutegemee. Kama mashine ina kumbukumbu, linganisha nayo.

Watu huniuliza wastani gani ni wa kutia wasiwasi. Miongozo mingi huchora mstari wa vipimo vya nyumbani kwenye wastani wa 135/85, chini kidogo ya ule wa 140/90 unaotumika kliniki. Ndiyo maana ile tofauti ya 140/85 na 137/83 ilistahili kuhangaikiwa, ingawa presha ya juu ilivuka mstari kwa njia zote mbili. Uamuzi wa dawa ni wa daktari. Na wastani hausubiriwi pale kipimo kinapofika 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au kushindwa kuongea. Hapo ni kukimbilia huduma ya dharura, jedwali litajazwa baadaye.

Kliniki tulikwenda na ukurasa mmoja wa wastani pamoja na daftari lenyewe. Pembeni ya kila wastani nilikuwa nimeweka kipimo cha juu kabisa cha wiki. Daktari aliusoma ukurasa haraka, akasimama kwenye 171, akaomba daftari. Kwenye ukingo wa Alhamisi baba alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: "mafua, nimemeza dawa ya kuzibua pua saa nane." Dawa nyingi za namna hiyo hubana mishipa na kupandisha presha. Daktari akamuuliza jina la dawa, naye baba akalitoa pakiti mfukoni.