ASO ya mtoto aliyeumwa koo: inasema nini, haisemi nini

Ukianza kazi kliniki ya watoto utaletewa karatasi ya maabara iliyoandikwa ASO 400, na mama anataka kujua kama mwanawe atapata ugonjwa wa moyo. Kabla hujamjibu, elewa kilichopimwa. Bakteria streptokoka wa kundi A hutoa sumu iitwayo streptolisini O, na mwili wa mtoto hutengeneza kingamwili dhidi yake. Kipimo kinahesabu kingamwili hizo. Kwa hiyo kinaeleza yaliyokwisha kupita: mtoto huyu alikutana na streptokoka. Yatakayoupata moyo wake hakiyajui.

Muda nao ni muhimu. Kingamwili huanza kupanda kama wiki moja baada ya maambukizi, hufika kilele kati ya wiki ya 3 na ya 6, kisha hushuka polepole na zinaweza kubaki juu kwa miezi mingi. Ndiyo maana ASO haifai kuamua kama koo linalouma leo ni la streptokoka. Ukiipima siku ya pili ya maumivu, unasoma habari za koo la zamani.

Ujue pia namba ilivyopatikana. Maabara nyingi hutumia lateksi: tone la seramu huchanganywa na tone la kitendanishi kwenye slaidi, huzungushwa dakika 2, kisha husomwa papo hapo. Chembe zikigandana, kiwango ni takribani 200 au zaidi, kutegemea aina ya kitendanishi. Ndipo seramu huzimuliwa mara 2, mara 4, mara 8, na mzimuo wa mwisho unaogandana hutoa 400, 800 au 1600. Namba hupanda kwa kuongezeka maradufu, hivyo 200 na 400 zimetofautiana kwa hatua moja tu, na hatua moja inaweza kutokana na macho ya msomaji. Slaidi ikiachwa kupita dakika 2 ianze kukauka, au seramu ikiwa na mafuta mengi, majibu huonekana chanya bila sababu. Ukipima tena baada ya wiki 2 hadi 4, tumia maabara ileile, na ongezeko la mara 4 ndilo la kuaminiwa.

Chukua mtoto wa miaka 8, kilo 24. Koo liliuma wiki 3 zilizopita likapona lenyewe. ASO ni 400. Hana homa, viungo haviumi, moyo hauna sauti ya ziada, ngozi safi, mikono imetulia. Huyu hana homa ya rumatiki. Watoto wengi wa shule walio wazima wana ASO iliyopita 200, kwa sababu hukutana na streptokoka mara kwa mara. Usimwanzishie sindano za penisilini za kila mwezi kwa ajili ya namba peke yake. Tunalisisitiza hili kwa kuwa sindano hizo zinauma, huchukua miaka, na mtoto huishi na jina la ugonjwa asiokuwa nao. Mwambie mama arudi haraka akiona kiungo kimevimba, mtoto akihema kwa shida au akianza kuchezacheza bila hiari.

Koo likiuma upya na dalili zikaelekea streptokoka, litibu koo lenyewe. Kwa kilo 24 ni benzathini penisilini yuniti 600,000 kwenye msuli mara moja (kuanzia kilo 27 ni milioni 1.2), au amoksisilini miligramu 1,000 mara moja kwa siku kwa siku 10. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inazuia homa ya rumatiki.

Sasa mtoto yuleyule, ASO ileile 400, lakini goti lilivimba, likapoa, kikafuata kifundo cha mguu. Joto ni 38.4 na ESR ni 75. Kwa vigezo vya Jones vya 2015, uvimbe unaohama viungo ni dalili kubwa moja; homa na ESR ni ndogo mbili; ASO inathibitisha streptokoka aliyetangulia. Vigezo vimetimia. Mpeleke akafanyiwe ECG na eko ya moyo hata kama husikii sauti ya ziada. Maumivu yatulize kwa parasetamoli kwanza, maana aspirini au ibuprofeni ikitangulia huzima uvimbe kabla hujauona ukihama.

ASO ya chini nayo isikutulize upesi. Takribani mtoto mmoja kati ya watano wenye homa ya rumatiki hana ASO iliyopanda, na streptokoka wa ngozi huipandisha kidogo tu. Hapo omba anti-DNase B kama inapatikana. Na mtoto anayechezacheza mikono na uso bila hiari anaweza kuja miezi kadhaa baada ya koo, kingamwili zikiwa zimeshashuka: mfanyie eko ya moyo bila kungoja namba.