Mstari hafifu kwenye kipimo cha malaria: wakati wa kuamini na wakati wa kurudia

Katika zahanati za vijijini wilayani Kasulu, ambako nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka kadhaa, kipimo cha haraka cha malaria hutumika kila siku, na hakuna jambo linalozua ubishi kati ya wahudumu kama mstari wa T, ule unaoonyesha kwamba malaria ipo, unapoonekana kwa shida. Mmoja husema upo, mwingine husema haupo, na wa tatu hushauri kufungua kipimo kingine ili kupata mstari ulio wazi zaidi. Ushauri huo wa tatu ndio ninaoukataa mara nyingi.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka minne aliyeletwa na mama yake akiwa na homa ya siku mbili. Baada ya dakika 15, ambazo ndizo zilizoandikwa kwenye maelekezo ya aina tuliyokuwa nayo, mstari wa C, ule unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi, ulikuwa wazi, na mahali pa T palikuwa na kivuli cha waridi ambacho mwenzangu hakukiona ndani ya chumba chetu chenye dirisha dogo. Tulikitoa kifaa nje, kwenye mwanga wa mchana lakini si juani, na mstari ukaonekana: ulikuwa na rangi na ulikatiza utepe kutoka ukingo hadi ukingo. Hayo mawili yakiwepo, na C ikiwepo, jibu ni kwamba mtoto ana malaria, hata kama mstari ni hafifu kiasi gani. Alama ya kijivu isiyo na rangi, au doa lililokaa upande mmoja tu, halihesabiwi kuwa mstari.

Uhafifu wenyewe hausemi kwamba ugonjwa ni mdogo. Kipimo hiki hunasa protini inayotolewa na vimelea, hakihesabu vimelea. Mgonjwa mwenye vimelea wengi mno anaweza mara chache kutoa mstari hafifu, kwa sababu protini ikizidi sana huvuruga namna inavyonaswa. Kwa hiyo ukali wa malaria hupimwa kwa kumtazama mgonjwa: anayetapika kila kitu, anayepata degedege, asiyeweza kunyonya au kukaa, hupewa rufaa haraka bila kujali mstari umekolea vipi.

Swali lililobaki kwa mama yule lilikuwa moja: je, mtoto alitumia dawa mseto hivi karibuni? Alijibu kuwa hapana, na tukaanza matibabu. Angejibu kwamba alimaliza dozi wiki mbili zilizopita, mstari ule usingetosha, kwa kuwa protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Hapo kurudia kipimo kile kile kungetoa jibu lile lile. Kinachohitajika ni slaidi ya damu chini ya hadubini, hata kama itabidi mgonjwa aende kituo cha afya.

Muda wa kusoma nao una kikomo. Kaseti, yaani kifaa chenyewe cha kipimo, iliyosahaulika mezani hadi saa nzima inaweza kuonyesha mstari ambao haukuwepo wakati wa kusoma, na hiyo huitupa na kurudia kwa kifaa kipya. Sisomi tena kaseti ya asubuhi mchana, hata mgonjwa akisisitiza kwamba sasa anaona mistari miwili.

C isipoonekana, jibu ni batili, hata T ikiwa imekolea. Hapa ndipo kurudia kunapolazimika, kwa kaseti mpya na tone jipya la damu. Kuongeza matone ya bafa, kimiminika kinachosukuma damu kwenye utepe, katika kaseti ileile hakuiponyi. Kabla ya kufungua nyingine, tafuta sababu: tarehe ya mwisho ya matumizi, pakiti iliyotoboka, kaseti iliyoachwa wazi katika unyevu wa masika, damu iliyowekwa kwenye kishimo cha bafa, au matone pungufu kuliko yaliyoelekezwa. Utepe uliobaki mwekundu wote, kiasi cha kuficha mistari, kwa kawaida huonyesha kwamba damu ilizidi au bafa ilipungua.

Kuwepo kwa C nako kunathibitisha tu kwamba kimiminika kilipita na kemikali zinafanya kazi. Hakuthibitishi kwamba damu iliwekwa ya kutosha. Mtu aliyesahau damu kabisa atapata C safi na jibu hasi.

Kaseti mbili mfululizo za boksi moja zikitoa jibu batili, liweke boksi hilo pembeni, fungua la namba nyingine ya toleo, kisha angalia lilikohifadhiwa. Chini ya bati, miezi ya joto kabla ya mvua, rafu ya juu huweza kupita kikomo cha nyuzi 30 au 40 kilichoandikwa kwenye boksi. Mgonjwa mwenyewe asirudishwe nyumbani kusubiri. Apimwe kwa slaidi au apelekwe kituo chenye maabara siku hiyohiyo.