LDL ya kukokotoa isikutulize kama trigliseridi ziko juu

Nafanya kazi maabara, kwa hiyo ndugu wakipima mafuta ya damu hunitumia majibu. Mjomba wangu, mwenye kisukari, alinitumia yake: kolesteroli yote 6.8, HDL yaani kolesteroli nzuri 0.9, trigliseridi ambazo ni mafuta mengine ya damu 7.0, na LDL yaani kolesteroli mbaya 2.7, zote kwa mmol/L. "Ile mbaya mbona iko vizuri?" akauliza. Nikamjibu, mjomba, hiyo 2.7 haikupimwa. Imekokotolewa.

Maabara nyingi hupima vitu vitatu vya kwanza tu, kisha LDL hupatikana kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972:

```
LDL = kolesteroli yote - HDL - (trigliseridi / 2.2)
```

Majibu yakiwa kwa mg/dL, unagawanya kwa 5. Kipande cha mwisho ni makisio ya kolesteroli iliyo ndani ya VLDL, chembe zinazotengenezwa na ini kusafirisha trigliseridi. Kanuni inachukulia kwamba uwiano wa trigliseridi na kolesteroli ndani ya chembe hizo haubadiliki, na kwa mtu ambaye trigliseridi zake ni za kawaida makisio hayo hayaendi mbali na ukweli.

Zikipanda sana, hali hubadilika. VLDL hujaa trigliseridi kuliko kawaida, huku kolesteroli yake isiongezeke kwa kiwango hicho. Kama mtu amekula chakula chenye mafuta kabla ya kutolewa damu, kuna pia kilomikroni kutoka kwenye utumbo, ambazo ni trigliseridi karibu tupu. Kanuni haioni tofauti hiyo. Inapunguza kingi mno, na LDL inatoka ndogo kuliko ilivyo. Kwa mjomba ilipunguza 3.2, ndiyo maana ikabaki 2.7. Mtu mwenye kolesteroli 7.0, HDL 0.8 na trigliseridi 15 atapata LDL ya chini ya sifuri, kitu kisichowezekana mwilini.

Ndiyo sababu trigliseridi zikizidi 4.5 (yaani 400 mg/dL), LDL ya kanuni hii haipaswi kutolewa kabisa. Bahati mbaya kuna kompyuta za maabara zinazoiandika tu, bila onyo, na hilo linaniumiza kwa sababu mgonjwa anaweza kuacha dawa akidhani amepona.

Nilimwomba mjomba atoe HDL kwenye kolesteroli yote: 6.8 - 0.9 = 5.9. Namba hiyo haina makisio ndani yake, na inabeba kolesteroli yote inayoweza kuziba mishipa. Kwa wengi wenye kisukari madaktari huitaka iwe chini ya 3.4, na kwa baadhi chini zaidi. Aliipeleka kliniki pamoja na majibu yake ya sukari, maana kisukari kisichodhibitiwa hupandisha trigliseridi.

Nawe ukiona trigliseridi zimepita 4.5, mwombe daktari aangalie kolesteroli yote ukiondoa HDL, au kipimo cha apoB, protini iliyo kwenye chembe zinazoweza kuziba mishipa, kama kinapatikana. Zikipita 10, usisubiri tarehe ya kliniki, kwa sababu hapo kongosho linaweza kuvimba ghafla. Na kama tumbo la juu linauma sana huku unatapika, nenda hospitali saa hiyohiyo.